Posho ya safari isiyosafiri

«Kaka, habari za kazi. Ofisini kwetu maafisa mauzo sita wanalipwa mshahara 700,000 na posho ya safari 60,000 kwa siku, siku 20 kila mwezi. Mkaguzi wa TRA amepita, anasema posho yote ni mshahara na tulipaswa kuikata PAYE. Tangu lini posho ya safari ikakatwa kodi? Bosi anataka tupinge yote. Tupinge?»

Msipinge yote, dada. Pingeni ya watu wawili, ya wanne kubalini. Nimefika hapo baada ya kuziona karatasi zenu, na najua bosi wako hatapenda. Hapa mjini mkaguzi akitoka ofisini kwa mtu husemwa vibaya mpaka jioni, lakini safari hii naona ana hoja ambayo hakuna aliyekaa chini kumsikiliza.

Tuanze na hilo la «tangu lini». Tangu sheria ilipoandikwa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, kinapotaja mapato ya ajira kinataja mshahara, bonasi, kamisheni, kiinua mgongo, na papo hapo kinataja posho ya kujikimu, ya kusafiri, ya takrima na posho nyingine yoyote. Zote zimeingizwa kwanza. Halafu mbele kidogo, kwenye orodha ya vitu visivyohesabiwa, posho hizo hizo zinaruhusiwa kutoka kwa sharti moja: iwe ni marejesho tu ya fedha ambayo mfanyakazi ameitumia kikamilifu na mahususi katika kuyapata mapato yake ya kazi.

Huo mpangilio ndio unaowaponza wengi. Watu wanadhani posho ya safari kwa asili haina kodi, na mkaguzi ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ni mshahara. Sheria imekaa kinyume chake. Posho kwa asili ni mshahara, na anayetaka itoke ndiye anayeonyesha kwamba ni marejesho. Hata mkifika kwenye Bodi ya Rufani za Kodi, mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yana kosa ni wa mlipakodi. Kwa hiyo kusema «tunaiita posho ya safari kwenye vocha» hakusaidii. Jina halijawahi kumtoa mtu.

Sasa nieleze nilichokiona, maana ndicho kilichonigeuza. Ulinitumia jedwali la Eksel la malipo ya mwaka 2024. Nikaenda kwenye safu ya posho nikashuka nayo. Januari siku 20. Februari siku 20. Aprili, mwezi uliokuwa na Jumatatu ya Pasaka, Idi, Karume na Muungano, siku 20. Desemba, ambapo nusu ya wateja wenu wa mikoani wanafunga hesabu na nusu nyingine hawapokei simu, siku 20. Watu sita, miezi kumi na miwili, mistari 72, na kila mstari 1,200,000. Hakuna mwezi hata mmoja ambao mtu alisafiri siku 17 au 23. Hakuna aliyeugua, hakuna aliyefiwa, hakuna gari lililoharibika njiani akalala siku moja zaidi.

Nimefanya uhasibu miaka mingi na sijawahi kuona safari za kweli zinazofanana hivyo. Safari ina vurugu zake. Mteja wa Dodoma anakwambia njoo Jumatatu, unafika anasema mzee katoka, rudi Jumatano. Ukiona posho ya safari imetulia kuliko mshahara wenyewe, basi huo ndio mshahara.

Halafu kuna Agosti. Mkaguzi wenu aliomba daftari la likizo. Sijui kama mlielewa kwa nini aliliomba; wengi humpa kwa moyo mweupe, wakidhani anapitisha muda. Afisa mmoja alikuwa likizo ya mwaka, siku 28, kuanzia tarehe 5 Agosti. Posho yake ya Agosti: siku 20. Swali la mkaguzi kwenye barua yake ni la sentensi moja, anauliza afisa huyo alisafiri kikazi kwenda wapi akiwa likizo. Nimelisoma swali hilo mara tatu kutafuta pa kumkamatia, sijapaona. Na halihitaji utaalamu wowote wa kodi. Ni kuweka karatasi mbili ubavuni mwa nyingine.

Wala mkaguzi huyu hakudai risiti ya kila chapati, kama bosi wako anavyosimulia. Soma barua yake tena. Anaomba vitu vitatu: nani alikwenda wapi, tarehe gani, na kwa kazi gani. Risiti amezitaja mwishoni, tena kwa maneno ya «kama zipo». Anachokataa si kiwango cha 60,000. Anakataa kuamini kwamba kulikuwa na safari.

Ukweli ni kwamba kwa watu wanne kati ya sita safari haikuwepo. Maeneo yao ni Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta na Kariakoo. Wote wanaishi Dar es Salaam, kituo chao cha kazi ni Dar es Salaam, na kila jioni wanalala kwao. Posho ya kujikimu inalipwa kwa sababu kazi imemtoa mtu nyumbani kwake, akalazimika kulipa kitanda cha pili na chakula cha kununua huku kodi ya nyumba yake ikiendelea kukimbia. Afisa wa Mbagala hana kitanda cha pili. Wali wa mchana anaokula kule angeula popote. Na nauli ya kutoka nyumbani kwake kuja ofisini asubuhi ni yake, kama ilivyo yangu na yako. Hiyo haiwi gharama ya kazi hata akae Chanika.

Kitu kimoja ni halali kwa hao wanne, nacho mmekipuuza kabisa: nauli kutoka ofisini kwenda kwa mteja, na kutoka mteja huyu kwenda kwa yule. Bodaboda ya kutoka duka moja la Zakhem kwenda jingine la Rangi Tatu ni gharama ya kazi moja kwa moja. Ingeandikwa ilivyotokea na kurejeshwa ilivyotumika, isingeguswa. Lakini mliizika ndani ya 60,000, na sasa hakuna anayeweza kusema ilikuwa 6,000 au 16,000.

Tuhesabu deni. Afisa mmoja ana mshahara wa 700,000. Ukitoa mchango wake wa NSSF wa 10%, inabaki 630,000, na PAYE yake ni 42,000. Mkaguzi akiongeza 1,200,000 juu yake, kinachotozwa kodi kinakuwa 1,830,000. Hapo kodi ni 128,000 kwa milioni ya kwanza na 30% ya 830,000 iliyobaki, jumla 377,000. Tofauti ni 335,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Ukizidisha kwa watu sita na miezi kumi na miwili unapata 24,120,000. Kuna na tozo ya ujuzi, SDL, ambayo mwaka 2024 ilikuwa 3.5% na inawahusu waajiri wenye wafanyakazi kuanzia kumi, nanyi mko zaidi ya hao. Posho ikishakuwa malipo ya kazi nayo inaingia: 42,000 kwa mtu kwa mwezi, yaani 3,024,000 kwa mwaka. Jumla 27,144,000, bila riba, na riba inahesabiwa tangu mwezi ambao kila kodi ilitakiwa kulipwa.

Na deni hilo ni la kampuni. Mwajiri ndiye wakala wa kukata, na asipokata anadaiwa kana kwamba alikata. Sheria inamruhusu amgeukie mfanyakazi amrudishie, lakini jaribu kumpigia simu afisa aliyeacha kazi mwaka jana umwambie anadaiwa milioni nne za posho aliyokwisha kuila.

Bosi wako anaposema «tupinge yote» anadhani kupinga ni bure. Pingamizi linawasilishwa ndani ya siku 30 tangu kupokea makadirio, na ili lipokelewe mnalipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi msichobishania, chochote kilicho kikubwa. Theluthi ya deni lenu ni 9,048,000. Kamishna anaweza kupunguza amana hiyo au kuisamehe mkiomba na mkawa na sababu ya msingi. «Hatuna nyaraka» sijawahi kuiona ikihesabiwa kuwa sababu ya msingi.

Mkikubali ya watu wanne, kiasi msichobishania ni 16,080,000 za PAYE na 2,016,000 za SDL, jumla 18,096,000, na hiyo ndiyo mtakayotakiwa kulipa kwa sababu imezidi theluthi. Ndiyo, ni kubwa mara mbili ya ile ya kupinga yote. Bosi ataliona hilo mara moja na atasema mimi nawashauri mlipe zaidi. Ni kweli kwa mwezi huu. Lakini kodi mnayodaiwa kwa haki haipungui kwa kuichelewesha, riba inaendelea kuhesabiwa, na pingamizi lenye hoja tatu nzuri na hoja moja ya mtu aliyekuwa likizo huwa linasomwa kwa kuanzia hiyo ya likizo.

Sasa wale wawili. Mmoja anakwenda Morogoro na Dodoma, mwingine Tanga na Moshi. Hawa wanasafiri kweli, na hapa ndipo upande wa waajiri una haki ambayo sitaki kuimeza.

Hoja ya waajiri ni kwamba sheria inasema «marejesho tu» lakini haisemi kiasi gani kwa siku kinatosha. Mkaguzi mkali anaweza kudai risiti ya EFD ya kila shilingi. Afisa wako amelala gesti karibu na Msamvu kwa 25,000, amekula kwa mama lishe, amepanda bajaji mara nne. Ni nani kati ya hao anayetoa risiti ya EFD? Ukilazimisha risiti, risiti zitapatikana, na hapo ndipo uongo unapoanzia. Zamani nikiwa nimeajiriwa sehemu fulani tuliwekewa utaratibu wa kurejesha masurufu kwa risiti kamili. Nikafika gesti moja mkoani, asubuhi naomba risiti ya chumba. Kijana wa mapokezi akafungua droo, akatoa vitabu viwili vya risiti na kalamu, akaniuliza kwa adabu zote, «Niandike ngapi, bosi?» Chumba kilikuwa 15,000. Nikagundua wenzangu wote walikuwa wanalala kwenye vyumba vya 40,000, gesti ile ile.

Ndiyo maana naona kiwango cha siku bila risiti si ujanja. Serikali yenyewe inalipa hivyo. Tangu Julai 2022 posho ya kujikimu kwa safari za ndani kwa watumishi wa umma ilipandishwa, kiwango cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000 na cha juu kutoka 120,000 hadi 250,000. Mtumishi anapewa kwa siku alizosafiri, hapelekwi kwa mhasibu na karatasi ya chapati. Kiwango chenu cha 60,000 kiko chini ya cha chini cha serikali. Kiwango cha serikali hakimfungi mkaguzi anapokagua kampuni binafsi, lakini mtu akisema 60,000 kwa usiku wa Dodoma imezidi gharama, mna cha kumwonyesha.

Na kuna donda jingine ambalo waajiri binafsi wanalisema na wana haki ya kulisema. Kifungu hicho hicho cha 7 kinamwondolea kodi mtumishi wa serikali, na wa taasisi ambayo bajeti yake yote au sehemu kubwa inatoka ruzuku ya serikali, kwenye posho ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya kazi za ziada, ya saa za ziada, ya mazingira magumu, na honoraria. Afisa wa wizara akipewa posho ya usafiri ya kila mwezi, haina kodi. Afisa wenu wa Mbagala akipewa kiasi hicho hicho kwa kazi hiyo hiyo ya kuzunguka, inakatwa. Sijawahi kusikia maelezo ya hilo yaliyoniridhisha. Lakini kukuta jirani amefunguliwa mlango hakukupi wewe ufunguo, na hoja hiyo mahali pake ni bungeni, si kwenye barua ya pingamizi.

Wakenya walilitatua kwa namba. Sheria yao inahesabu kiasi fulani cha kwanza cha posho kwa siku, mtu akiwa nje ya kituo chake kwa kazi rasmi, kuwa ni marejesho bila ubishi. Kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 2,000 za kwao, na kuanzia Julai 2025 kikapandishwa hadi 10,000. Siipendi kila kitu cha jirani, ila hili ningelipokea hata kesho. Lakini angalia: hata kwa Wakenya, namba hiyo inamlinda aliyetoka nje ya kituo chake cha kazi. Wale wanne wenu wasingepona hata mngekuwa Nairobi.

Turudi kwa afisa wa Morogoro na Dodoma, nikuonyeshe namna ya kumtetea. Tuchukue Mei 2024. Analipwa siku 20. Nikakuomba kila kinachoonyesha mahali alipokuwa: tiketi za basi, hati za kupokelea mzigo zilizosainiwa na wateja, miamala ya simu ya malipo ya gesti, hata jumbe alizotuma ofisini za oda. Ukaniletea bahasha ya kaki iliyojaa vumbi. Tukazipanga kwa tarehe, ikatoka kwamba Mei alilala nje ya Dar usiku 13. Usiku 13 kwa 60,000 ni 780,000. Hiyo naiandikia pingamizi bila wasiwasi: mtu yupo, mahali papo, mteja yupo, kiwango ni cha kawaida.

Zinabaki siku saba, 420,000. Hizo alikuwa Dar ofisini, anaandika ripoti na kusubiri mzigo. Hizo ni mshahara, na ukiziweka juu ya 630,000 unapata 1,050,000, PAYE yake 143,000. Ongezeko kwa Mei ni 101,000 badala ya 335,000. Ukifanya hivyo kila mwezi kwa wote wawili, kodi ya 8,040,000 iliyokadiriwa kwao itashuka sana, na itashuka kwa namba zisizofanana mwezi hadi mwezi. Mkaguzi akiona Mei usiku 13, Juni 16, Julai 9, ataanza kuamini kwamba mnasema kweli.

Najua kuna atakayeuliza kuhusu kilichobaki mfukoni. Afisa kafika Dodoma, badala ya kulipa gesti kalala kwa shangazi yake Area C, karudi na 35,000. Ukisoma neno «tu» lililomo kwenye sheria kwa ukali wake, hiyo 35,000 si marejesho, kwa sababu hakuitumia. Mimi siipiganii hadi huko. Safari moja anabakiwa, nyingine anaongeza yake mfukoni, na kiwango kilichowekwa kwa busara hujisawazisha. Kinachovunja busara hiyo ni kulipa mara mbili. Nimeona kampuni inalipa hoteli moja kwa moja, chumba na kifungua kinywa, halafu inampa mfanyakazi posho kamili ileile. Hapo kitanda kimelipwa mara mbili na mara ya pili ni mshahara. Kampuni ikilipa chumba, posho ishuke ibaki ya chakula na mizunguko. Kibaha kwenda na kurudi siku hiyo hiyo nako vivyo hivyo: lipeni nauli na chakula cha mchana, kitanda hakuna.

Jambo moja la kumbana mkaguzi, maana nimemtetea vya kutosha. Angalia makadirio ya kodi ya kampuni ya mwaka huo huo. Ikiwa posho hizo zimekataliwa pia kama matumizi kwa sababu hazina risiti, andika haraka. Akishaziita mshahara, basi ni gharama ya mishahara, na mshahara unaoingizwa kwenye PAYE unakubalika kama gharama ya kupata mapato ya biashara. Hawezi kuzitoza kwa mfanyakazi kwa sababu ni mshahara, halafu akazirudisha kwenye faida ya kampuni atoze 30% nyingine kwa sababu si matumizi halali. Nimekutana na makadirio ya hivyo, kwa kawaida yakiwa yameandaliwa na watu wawili wasiosomana.

Bosi wako alishanipigia, nadhani wewe ulimpa namba. Akaniambia jambo ambalo nimelisikia kwa waajiri wengi: «Mimi nilikuwa nawasaidia vijana, kaka. Kodi yote ile ya nini?» Namwamini kwamba alidhani hivyo. Lakini hebu tumtazame kijana mwenyewe, maana hapa ndipo naona mkaguzi, bila hata kukusudia, yuko upande wake kuliko bosi.

Kijana wa Mbagala amefanya kazi miaka saba. Anachokipata kwa mwezi ni 1,900,000 kwa jumla, na anaishi maisha ya mtu wa 1,900,000: kapanga nyumba nzima, watoto wako shule za kulipia. Lakini kwenye karatasi ni mtu wa 700,000. NSSF inamjua kwa 700,000. Mchango kamili ni 20%, nusu yake na nusu ya mwajiri, kwa hiyo juu ya ile 1,200,000 kuna 240,000 kila mwezi ambayo haijawahi kuingia kwenye jina lake, 2,880,000 kwa mwaka. Pensheni yake itahesabiwa kwa mshahara uliochangiwa. Benki akiomba mkopo wanataka hati ya mshahara, nayo inasema 700,000. Siku akipunguzwa kazi, malipo ya kuachishwa ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi miaka kumi, na kwenye mshahara wa msingi sheria ya ajira haihesabu posho. Karibu theluthi mbili ya kipato chake haipo popote isipokuwa kwenye vocha zenu, na vocha zinasema ni nauli na gesti.

Akiugua miezi miwili je? Mtu mgonjwa hasafiri. Bosi ana haki ya kuisimamisha posho siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi zinasema ni posho ya safari. Hapo kijana ndipo atakapojua kwamba ulikuwa mshahara.

Sitamficha kijana upande wa pili wake. Leo anaondoka na 1,788,000 mkononi. Mkiingiza yote kwenye mshahara wa 1,900,000, atakatwa NSSF 190,000 na PAYE 341,000, atabaki na 1,369,000. Amepoteza 419,000 za mkononi kwa mwezi. Kati ya hizo 120,000 zimekwenda kwenye akiba yake mwenyewe, na mwajiri ameongeza nyingine kama hizo, lakini karo ya shule hailipwi na akiba ya NSSF. Kwa kampuni nako mzigo unapanda: 120,000 za NSSF, 42,000 za SDL kwa kiwango kile cha 2024, na 6,000 za mfuko wa fidia, kwa kila mmoja. Ndiyo maana mpango huu uliwafaa wote wawili kwa miaka yote hiyo, na ndiyo maana hakuna aliyeuliza Agosti alikwenda wapi.

Nilichomshauri bosi ni kuanza na nauli. Mpeni kila afisa wa Dar daftari dogo: tarehe, ametoka wapi, amekwenda wapi, mteja gani, shilingi ngapi. Asaini kila Ijumaa na msimamizi wake asaini. Kwa wiki mbili za majaribio yule wa Mbagala ameandika wastani wa 11,000 kwa siku, na nimezipitia njia zake, hakuna aliyopanda bodaboda kwenda kwao. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni 242,000 kwa mwezi, marejesho halali yasiyo na kodi wala SDL. Inabaki 958,000 ya kuingiza kwenye mshahara, na hiyo ndiyo wanayobishania sasa. Kijana anataka iongezwe kidogo kufidia kodi, bosi anataka ipunguzwe kufidia NSSF. Walipokutana Jumatatu walitofautiana kwa 150,000, na wamepanga kukaa tena Alhamisi, kabla ya zile siku 30 zenu kwisha.